Kagombezwa kazini, anafokewa mtoto: jinsi hasira inavyohama na inavyoweza kukatwa

“Mwacheni baba yenu, leo wamemvuruga huko kazini.” Maneno haya husemwa kwa nia njema, mara nyingi na mama anayetaka kuwakinga watoto, na katika nyumba nyingi yamegeuka kuwa maelezo ya kila kitu. Baba akifoka, ni kazi. Mama akimchapa mtoto kwa kumwaga maji, ni kazi. Mambo yakizidi yakafika kwa mjumbe, au yakasambaa mitandaoni, majirani hugawanyika: hawa wanasema maisha ni magumu, wale wanasema huo ni ukatili tu na kazi ni kisingizio. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, lakini vipande hivyo havijatenganishwa, na wenye nyumba wanabaki palepale walipokuwa.

Tuvitenganishe basi. Upo uchovu wa kawaida: mwili umekwisha, mtu anataka kuoga, kula na kulala. Upo msongo wa mawazo unaomfuata mtu hadi nyumbani: amekaa kwenye kochi, lakini kichwani bado yuko kazini, ukimwita mara mbili hasikii. Halafu ipo hasira iliyohamishwa, ambayo ndiyo tutakayoshughulika nayo hapa. Hii ni pale mtu anapokasirishwa na mtu mmoja, akashindwa kumjibu huyo aliyemkasirisha, kisha akaja kuimwaga hasira hiyo kwa mwingine asiyehusika. Wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Yale, John Dollard na wenzake, waliandika juu ya jambo hili mwaka 1939. Baadhi ya waliyoyasema yamerekebishwa tangu hapo, kwa maana si kila anayezuiwa hugeuka mkali. Lakini hoja moja imebaki imara: aliyekukasirisha akiwa na nguvu juu yako, hasira huelekea kutafuta mtu ambaye kumkasirikia hakuna hatari.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Tumwite Baba Zuhura. Ni mtunza stoo katika ghala moja kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, na anakaa Mbagala. Mkewe ni fundi cherehani, anashonea nyumbani. Wana watoto wawili: Zuhura yuko darasa la nne, Idi ana miaka sita. Siku hiyo, kama saa nane mchana, bosi anakuja stoo na karatasi mkononi. Katoni kumi na nne za mafuta ya kula hazionekani. Anasema kwa sauti, mbele ya wapagazi na dereva wa fuso anayesubiri kupakia: “Wewe ama ni mzembe ama ni mwizi, chagua mwenyewe.” Baba Zuhura anajua kwamba katoni zile zilipokelewa pungufu tangu mwanzo na kwamba aliandika hivyo kwenye hati ya mzigo. Anafungua mdomo kueleza, bosi anamkata: “Sitaki maelezo, nataka katoni.” Mkataba wake unaisha baada ya miezi miwili. Anasema, “Sawa bosi, nitafuatilia.” Wapagazi wanaangalia pembeni.

Anafunga stoo saa kumi na moja. Daladala mbili, foleni, amesimama njia nzima, na njia nzima anaisikia ile sentensi. Anatunga jibu ambalo angelitoa, analiboresha, anamsikia bosi akijibu, anajibu tena. Saa moja na nusu usiku anaingia ndani. “Shikamoo baba,” Zuhura anamwamkia, na palepale, maana alikuwa akimsubiri, anaongeza: “Mwalimu kasema kesho nisipopeleka hela ya tuisheni nisiingie darasani.” Elfu tano. Baba Zuhura analipuka. Anasema watoto wa nyumba hii wanajua hela tu. Anauliza nani kaacha ndala mlangoni. Mkewe akisema, “Baba Zuhura, mtoto amekuuliza tu,” yeye anageukia huko: na wewe ndiye unayewafundisha. Idi anaanza kulia na anaambiwa anyamaze. Kila kitu kimechukua kama dakika tatu.

Sasa tazama kilichotokea humo. Ombi la elfu tano lilikuwa kero kweli, kwa sababu elfu tano hiyo haikuwepo. Siku ya kawaida angeguna, angesema tutaona kesho. Katika utafiti wa hasira iliyohamishwa, uliofanywa sana na Norman Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California miaka ya kuelekea 2000, jambo hili ndilo lililojitokeza: mtu aliyechokozwa mwanzo akavumilia, kisha akakutana na kero ndogo kutoka kwa mtu wa pili, humjibu huyo wa pili kwa ukali usiolingana kabisa na alichofanya. Kwa hiyo anayefoka huwa na sababu mkononi. Ndala ziko mlangoni kweli, hela imeombwa kweli. Ndiyo maana ukimwambia “unatumalizia sisi hasira za kazini” anakataa kwa moyo mmoja, na hadanganyi. Yeye anaiona ndala. Haoni kwamba ndala ile ilikuwepo jana, naye aliiruka tu akapita.

Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kuitambua hasira hii: ukubwa wa jibu haulingani na ukubwa wa kosa. Ya pili ni maneno yenyewe. Hasira ya ndala husema “toa ndala hapo.” Hasira iliyotoka mbali husema “nyumba hii kila siku,” “ninyi wote,” “hamnaga adabu.” Ya tatu, na hii ni ya kumwumiza msomaji kidogo, ni kwamba maneno anayoyasema mara nyingi yanafanana na aliyoambiwa. Baba Zuhura aliambiwa hana maana mbele ya watu wake, akaja kuwaambia watu wake kwamba hawana maana.

Kwa nini hasira ya saa nane ilikuwa bado hai saa moja na nusu? Mtu anapodhalilishwa, mwili hujiandaa kwa mapambano. Adrenalini humwagika, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza. Hiyo hupungua ndani ya muda mfupi. Lakini ipo homoni nyingine, kotisoli, ambayo hufika kileleni kama dakika 20 hadi 30 baada ya tukio na huchukua saa moja au zaidi kushuka. Hata hivyo, saa tano na nusu zilitosha mwili kutulia. Kilichomzuia ni ile hadithi aliyokuwa akijisimulia kwenye daladala. Fikiria jiko la mkaa ambalo chakula kimeshaepuliwa. Juu unaona jivu, lakini chini kuna makaa, na ukilipepea linawaka upya bila kuongezewa mkaa. Kuirudia sentensi ya bosi kichwani, kumtungia majibu, kumpigia simu mfanyakazi mwenzako mkaisimulia upya kuanzia mwanzo, huko ndiko kupepea. Kila marudio mwili huyapokea kama tukio jipya. Foleni na joto la daladala haviumbi hasira, ila vinampa mtu saa mbili za kupepea akiwa hana kingine cha kufanya.

Hapa watu wengi hudhani kwamba anayefanya kazi nyingi ndiye anayefoka nyumbani. Sivyo hasa. Mtafiti wa Marekani, Rena Repetti, aliwafuatilia waongoza ndege, watu wenye kazi nzito na isiyoruhusu kosa, akalinganisha siku zao kazini na jioni zao nyumbani. Siku zenye kazi nyingi, wengi wao walirudi wakajitenga: waliongea kidogo, walitaka ukimya. Siku zenye ugomvi na wakubwa au wenzao kazini, ndipo hasira ilipojitokeza zaidi nyumbani, na kwa watoto ilionekana katika ukali na adhabu. Baadaye yeye na mwenzake waliwatazama akina mama walipokuwa wakiwachukua watoto wao kituo cha malezi baada ya kazi. Siku ngumu mama alimsemesha mtoto kidogo na kumkumbatia kidogo.

Tofauti hii ina faida kubwa ndani ya nyumba, kwa sababu dawa zake si moja. Aliyechoka na kujitenga anahitaji kupumzika, na ukimya wake si chuki. Aliyedhalilishwa hahitaji usingizi tu. Anaweza kulala kwa muda wa saa nane akaamka na hasira ileile, kwa sababu kilichojeruhiwa ni heshima yake. Mwanamke anayejua kuwa leo mumewe amechoka na si kwamba amedharauliwa, au mume anayejua hivyo kuhusu mkewe, atajua amwache au amsikilize.

Nimeandika “mkewe” makusudi. Maneno yetu ya mitaani huweka hasira za kazini kwa wanaume peke yao, kana kwamba nesi aliyetukanwa wodini, mwalimu aliyesemwa na mkuu wa shule mbele ya wanafunzi au muuza genge aliyenyang'anywa bidhaa barabarani hawarudi nyumbani na kitu. Mama Zuhura mwenyewe siku ile mteja alimrudishia sare za shule zilizokwisha kushonwa, akisema rangi siyo, na hakulipa. Baada ya mumewe kufoka, yeye hakumjibu sana. Alikwenda jikoni, Idi akamfuata akilia anataka chai, na Idi akapigwa kibao cha mgongo. Dakika chache baadaye Zuhura alimfinya Idi kwa sababu kakaa kwenye daftari lake. Fuata mstari: bosi, baba, mama, Zuhura, Idi. Kila mmoja alishusha kwa aliye chini yake, na mtoto wa miaka sita hakuwa na wa kumshushia. Mzunguko hauishii hapo. Usiku huo wazazi walilala wamegeuziana migongo, baba akaenda kazini bila usingizi, na asubuhi mpagazi mmoja akafokewa kwa kuchelewa kidogo. Niall Bolger na wenzake, waliokusanya shajara za kila siku za mume na mke kwa siku 42 katika ndoa 166 na kuchapisha matokeo mwaka 1989, walionyesha kwamba msongo huvuka pande zote mbili, kutoka kazini kuja nyumbani na kutoka nyumbani kwenda kazini, na kwamba wanaume ndio waliobeba zaidi ya nyumbani kuyapeleka kazini.

Kabla ya kusema namna ya kukata, kuna imani tatu zinazozuia watu wasikate.

Ya kwanza ni kwamba hasira lazima itolewe, la sivyo itakulipua ndani. Kwa imani hii mtu hujiona anafanya jambo la afya anapopiga meza au kupiga kelele. Brad Bushman alilijaribu hili katika utafiti aliouchapisha mwaka 2002. Watu waliokasirishwa waligawanywa: kundi moja lilipiga begi la ndondi huku likimfikiria aliyewakasirisha, kundi jingine lilipiga begi likifikiria mazoezi ya mwili, na kundi la tatu lilikaa tu bila kufanya chochote. Waliopiga wakimfikiria mtu wao ndio waliobaki na hasira zaidi, na walikuwa wakali zaidi baadaye. Waliokaa kimya ndio waliokuwa na ukali mdogo kuliko wote. Kufoka hakupunguzi kitu. Kinachompa mfokaji nafuu ya dakika chache ni kwamba nyumba nzima imenyamaza, na kwa muda huo anajisikia ana nguvu alizonyimwa kazini. Nafuu hiyo ndiyo humfundisha kurudia.

Ya pili ni pombe. “Napitia bia mbili nitulie kwanza.” Bia hulegeza misuli, hiyo ni kweli, lakini hulegeza pia ile breki ya kichwani inayomwambia mtu asiseme neno fulani. Na baa ni mahali ambapo kisa cha bosi kitasimuliwa tena, kwa sauti kubwa na kwa wasikilizaji wanaounga mkono. Mtu anafika nyumbani makaa yamepepewa na breki imelegea.

Ya tatu ndiyo nzito: “Hasira zikinipanda siwezi kujizuia.” Rudi kwa Baba Zuhura. Saa nane mchana aliitwa mwizi mbele ya watu na akasema, “Sawa bosi.” Alijizuia pale palipokuwa pagumu kuliko mahali pote. Basi uwezo wa kujizuia anao, na ni mkubwa. Alichokosa nyumbani ni sababu ya kuutumia, kwa kuwa Zuhura hawezi kumnyima mkataba. Nalisema hili bila kumkejeli. Naliona ndilo lenye matumaini kuliko yote katika mada hii: mtu hahitaji kuumbwa upya, anahitaji kuutumia mlangoni kwake ujuzi ambao tayari anautumia kila siku kwa bosi.

Basi anafanyaje? Kazi huanzia kabla hajatoka kazini. Saa kumi na moja, stoo imefungwa, Baba Zuhura anakaa dakika tano na daftari au simu yake, anaandika vitu viwili tu: kilichotokea, na atakachofanya kesho. “Bosi kaniita mwizi mbele ya watu kwa katoni 14. Kesho saa tatu nampelekea nakala ya hati ya mzigo yenye sahihi ya dereva, ofisini kwake, tukiwa wawili.” Utafiti wa Masicampo na Baumeister wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba jambo lisilokamilika huendelea kukisumbua kichwa, lakini mtu akilipangia hatua mahususi, usumbufu huo hupungua sana hata kabla hatua yenyewe haijachukuliwa. Ndiyo maana “kesho nitajua la kufanya” haisaidii, ila “kesho saa tatu, na nakala hii” inasaidia. Kuandika malalamiko bila hatua ya kesho ni kupepea kwa kalamu.

Njiani, akijikuta amerudi kwenye ile sentensi, asigombane nayo wala asijilazimishe kusahau. Ajiambie “hili nimeshalipangia saa tatu,” kisha ayape masikio na macho kazi nyingine: redio, mpira, mazungumzo na abiria wa pembeni, kuhesabu vituo. Itarudi tena, na tena ataipa jibu lilelile. Simu ya kumsimulia mwenzake isubiri.

Akifika, neno la kwanza ndilo linaloamua jioni. Aseme mapema, kabla ya kero yoyote, kwa wote wasikie: “Leo kazini wamenikera sana. Si ninyi. Nipeni nusu saa.” Sentensi fupi hii inafanya kazi kubwa, kwa sababu watoto wadogo wakiona mzazi amenuna na hawajui kwa nini, huelekea kudhani wao ndio sababu. Inamwambia Zuhura kwamba uso ule haumhusu, na inampa baba mwenyewe ahadi aliyoitamka mbele ya watu. Kisha abadili nguo, aoge, ale. Njaa na joto peke yake humfanya mtu mkali, na haifai kuchanganya hayo na bosi.

Ndani ya nusu saa hiyo yasizungumzwe mambo matatu: fedha, matokeo ya shule na mashtaka dhidi ya mtoto. Hili linahitaji makubaliano ya nyumba nzima, yaliyofanywa siku ya utulivu kama Jumapili mchana, si usiku wa ugomvi. Mama Zuhura anaweza kupanga na Zuhura kwamba hela ya tuisheni itaombwa baada ya chakula. Anayerudi naye ana wajibu wake, na ndio watu huuvunja: nusu saa ikiisha, anarudi kwenye familia. Anamwita Zuhura mwenyewe na kumuuliza ya shule. Nusu saa inayogeuka kuwa usiku mzima wa simu na runinga siyo mapumziko tena, na wenzake wataacha kuiheshimu.

Nitasimama hapa kidogo, maana najua wanawake wengi wakisoma habari ya nusu saa watauliza: yangu iko wapi? Mama anayetoka kazini saa moja anakuta watoto hawajaoga, moto haujawashwa, na mume naye anamsubiri. Mpango wa nusu saa ukimpa mmoja tu, umemhamishia mwenzake mzigo, na hasira itatokea upande wa pili kama ilivyotokea kwa Idi. Kwa hiyo lazima iwe ya zamu. Katika nyumba ya Baba Zuhura, kwa kuwa mkewe anashonea nyumbani na anakuwa na watoto mchana kutwa, mpango wa haki ni huu: yeye akimaliza nusu saa yake, anachukua watoto, na Mama Zuhura anakaa nje barazani nusu saa bila kuitwa. Mama anayelea peke yake hana wa kupokezana naye. Huyo akae dakika kumi kituoni au kwa jirani kabla ya kuingia, na kazi ngumu zaidi ya jioni, kwa mfano kukagua daftari, aisogeze mwisho baada ya wote kula.

Tuseme vyote vimeshindikana, na hasira imepanda hivihivi. Mwili hutoa taarifa: taya linabana, sauti inapanda, moyo unasikika masikioni, na yale maneno ya “kila siku” na “ninyi wote” yanakuja mdomoni. John Gottman, aliyechunguza ugomvi wa wanandoa kwa miaka mingi, aligundua kwamba mapigo ya moyo yakivuka kama 100 kwa dakika mtu hasikii tena anachoambiwa, na anashauri mapumziko ya walau dakika 20. Kuondoka bila neno huonekana kama dharau, kwa hiyo aseme: “Nimekasirika kuliko jambo lenyewe. Natoka nje, narudi baada ya dakika ishirini tuongee.” Na arudi kweli. Akitumia dakika hizo kujihesabia makosa ya mkewe, atarudi akiwa vibaya kuliko alivyotoka.

Na kama ameshafoka, kuna kurekebisha. Wazazi wengi wanaogopa kumwomba mtoto msamaha wakidhani wanajishusha, hivyo huleta soda au hela ya shule asubuhi bila neno. Mtoto hupokea soda, lakini hajui kosa lilikuwa la nani. Baba Zuhura akae usawa wa macho ya mtoto, usiku uleule au asubuhi kabla ya shule, aseme: “Jana nilikufokea ulipoomba hela ya tuisheni. Hukukosea kuomba. Nilikuwa na hasira ya mtu mwingine, nikaileta kwako. Nisamehe.” Aishie hapo. Akiongeza “lakini na wewe huwa...” ameufuta msamaha wenyewe. Mbele ya mkewe hivyohivyo, na kwa lile neno hasa alilolisema. Adabu ya Zuhura haipungui kwa hili, maana anajifunza namna ya kufanya atakapomfinya tena Idi.

Yote haya ni ya kuzuia moto usifike nyumbani. Hayamgusi anayeuwasha. Ikiwa bosi anamdhalilisha kila wiki, nusu saa itachoka, na ni haki ichoke. Ile saa tatu asubuhi kwa hiyo ni sehemu ya tiba: kwenda ofisini, wawili tu, na hati mkononi, na kusema “Kosa likitokea naomba niulizwe kabla ya kushutumiwa, na nisishutumiwe mbele ya wapagazi.” Bosi mwingine atasikia, mwingine hatasikia. Penye chama cha wafanyakazi, kama TUICO kwa watu wa viwanda na biashara, mwakilishi wa tawi anaweza kumsindikiza. Na ikiwa ukali umekuja pamoja na kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula na kukata tamaa kwa wiki mbili au zaidi, hapo huenda ni sonona, na inatibika hospitalini. Kumwambia mtu huyo avumilie ni kumchelewesha.

Upo mpaka mmoja wa mwisho, na hapo ndipo wale majirani walipokuwa wakibishana. Hasira iliyohamishwa humjutisha mtu: akitulia anaona jibu lake lilikuwa kubwa kuliko kosa, na akionyeshwa njia anaijaribu. Lakini kama mtu anapiga, kama watu wa nyumbani wanapima kila neno kwa kumwogopa hata siku ambazo kazini kulikuwa shwari, kama anazuia simu, hela au kutoka nje, huo si msongo wa kazi, na hakuna nusu saa wala sentensi ya mlangoni itakayoutibu. Mke asiambiwe kwenye kitchen pati kwamba ajifunze kumsoma mumewe vizuri zaidi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na simu ya msaada kwa mtoto, Tanzania na Kenya pia, ni 116. Jirani anayesikia anaweza kuipiga, na mtoto mwenyewe pia.